"Hukuwepo, Mama"

Shangazi yangu alilalamika kwamba alisikia watu wakizungumza alipokuwa akipasuliwa. Daktari wa usingizi akamjibu hapohapo, hata kuketi hakuketi: "Hukuwepo, mama. Tulikuzima."

Ufahamu ni nini, tuwaachie wenye kamusi. Mimi ninagombana na hilo "kuzima". Propofoli huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza chembe za neva. Thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea karibu hisi zote isipokuwa harufu, hailali kwa sababu hiyo. Chembe zake huacha kupitisha habari kadiri zinavyoingia, zikaanza kupiga kwa mkupuo, pamoja na gamba la ubongo. Elektrodi za kwenye paji huonyesha mawimbi yaliyopangika, 8 hadi 12 kwa sekunde, yakipanda juu ya mengine mazito yasiyofika hata moja kwa sekunde. Gamba na thalamasi bado zinaongea, ila zinarudia neno lilelile. Sauti huweza kufika hata kwenye gamba la kusikia, lakini haisambai kwingine.

Wapo wanaosema gamba ndilo hutangulia kulegea na thalamasi hufuata. Ni hoja nzuri, na huenda wako sahihi.

Hoja inayonichefua ni ile ya pili ya daktari yuleyule: hata mtu akizinduka kidogo, kwa kuwa wengi hawakumbuki, hakuna madhara. Kuna kipimo cha zamani. Kabla ya kudunga dawa ya kulegeza misuli, mkono mmoja hufungwa mkanda wa presha ili dawa isiufikie. Kisha mgonjwa aliyelazwa huambiwa, "Ukinisikia, nibane mkono." Katika utafiti wa mwaka 2017, kati ya wagonjwa 260, 12 walibana. Anayebana kwa kuamriwa amesikia, ameelewa, ameamua. Kesho yake huenda asikumbuke lolote, na daktari wetu ataandika kwamba alilala vizuri. Aliyepewa midazolamu naye hujibu maswali na kukunja uso akichomwa sindano, halafu hasemi lolote baadaye kwa kuwa kumbukumbu haikuandikwa. Kwa mantiki hiyo, ukimpiga mlevi asiyekumbuka, hukumpiga.

Halafu kuna ketamini, kipenzi changu na cha hospitali nyingi za wilaya huku kwetu. Haipitii GABA, huziba vipokezi vya NMDA, na gamba huendelea kuchangamka. Mgonjwa hukodoa macho, kisu hakisikii, kisha hurudi na hadithi za kupaa angani. Huyo alipoteza fahamu, au alipoteza chumba tu? Kama ni chumba, basi mdundo wa thalamasi unaeleza njia moja ya kuondoka, nazo ziko nyingi, na sijui ni ipi tuiite kutokuwepo.

Ukisikia kitu mezani pa upasuaji, kiseme siku hiyohiyo, na udai kiandikwe kwenye faili lako.