Fundi, Mpe Mtangazaji Pindo

Dada yangu fundi wa sare, shika simu sasa, mapema Desemba, wakati cherehani bado haijazidiwa. Shule zinafunguliwa Januari, na kila redio ya mkoa wako inatafuta la kuwaambia wazazi. Unalo. Lipo ndani ya gauni ulilolaza mezani.

Najua ulishawahi kujaribu. Uliandika: "Nashona sare nzuri kwa bei nafuu, naomba mnitangaze." Ukajibiwa uende idara ya matangazo ukaulize bei ya dakika. Usimchukie mtangazaji yule. Alisoma ujumbe wako akajiuliza msikilizaji wake atapata nini, akaona faida yote inabaki kwako. Tangazo hulipiwa. Habari huingia hewani kwa sababu mtu aliyeko jikoni au kwenye daladala akiisikia ataongeza sauti.

Basi jiulize: ni jambo gani unalolijua wewe ambalo mzazi angetaka kulijua kabla hajatoa pesa? Wewe unajua pindo. Unajua kwamba gauni lililoachiwa pindo la inchi tatu litashushwa mtoto akirefuka, na lililoachiwa nusu inchi halishushiki, mzazi atanunua jingine. Mteja dukani hutazama rangi na bei. Hageuzi nguo kuangalia kwa ndani. Hapo ndipo habari yako ilipo, na hakuna mwandishi atakayeijua usipomwambia.

Mwandikie hivi:

"Habari za kazi, kaka. Mimi ni fundi wa sare hapa Morogoro. Wazazi wengi watanunua sare wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na wachache watageuza nguo kutazama pindo. Pindo ndilo linaloamua kama gauni litavaliwa mwaka mmoja au miwili. Naweza kuwaonyesha wasikilizaji wako sehemu tatu za kukagua kabla ya kulipa: pindo, kwapa na kiuno. Ninaye mzazi niliyemshushia gauni la binti yake, naye yuko tayari kuzungumza. Naweza kuja studio asubuhi yoyote wiki ijayo, au uje kwangu urekodi cherehani ikifanya kazi."

Tazama ulichokifanya. Hukutaja bei, hukujisifu. Umesema kwa nini sasa, msikilizaji atapata nini, nani mwingine atazungumza, na sauti gani itasikika. Huyo mzazi ana uzito mkubwa: ukizungumza peke yako unasikika kama muuzaji, akizungumza mteja wako jambo linakuwa la mtaa mzima. Mwombe ruhusa kwanza, kabla hujamtaja. Na mlio wa cherehani ni mali kwa mtu wa redio, kwa sababu hana picha ya kumwonyesha msikilizaji.

Kisikilize kipindi unachokilenga siku tatu kabla ya kutuma, ujue kina wageni au ni muziki mtupu, na nani anakitayarisha. Mara nyingi mtayarishaji ndiye anayepanga wageni, kwa hiyo ujumbe mwandikie yeye. Usimpigie mtangazaji akiwa hewani. Tuma kwa kituo kimoja, subiri siku tatu au nne, kumbusha mara moja kwa adabu. Kimya kikiendelea, nenda kituo cha pili. Ukituma kote siku moja na wawili wakakubali, mmoja atasikia habari yake kwa jirani, na huyo hatakupokea tena. Bahasha usipeleke. Ukiombwa pesa ili habari iingie, ondoka. Kuna kituo kingine.

Sasa jiandae kwa swali gumu, maana litakuja: "Fundi, ukishusha pindo la gauni lililofuliwa mwaka mzima, si litabaki na mstari?" Litabaki. Kitambaa kilichofichwa ndani hakikupauka, na mkunjo wa zamani unaonekana. Sema hivyo hivyo, bila kuficha. Kisha eleza kwamba unaufunika kwa utepe wa rangi ileile ikiwa shule inaruhusu, na kwamba kitambaa kikiwa kimechakaa magotini au makalioni, wewe humshauri mteja ashushe pindo, bali unamwambia anunue nguo mpya. Fundi anayetaja mipaka ya kazi yake ndiye mzazi atakayemtafuta.

Usidai kuhariri mahojiano, wala usikate tamaa wakilitaja jina la duka lako mara moja tu mwishoni. Jina moja linatosha ikiwa dakika sita zilizotangulia zimewafundisha watu kitu.

Leo jioni, kabla hujafunika cherehani, geuza gauni moja, pima pindo lake kwa futi, andika ujumbe wako, mpigie yule mzazi umwombe ruhusa. Kesho anza kukisikiliza kipindi; siku ya tatu, kikishamalizika, tuma.