Chati Isiyovaa Saa

Hivi, wakati ni kelele? Swali linaonekana la kifalsafa tupu, lakini kuna watu wanalijibu kila siku kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ni wale wanaofuatilia bei sokoni kwa chati ya Renko, chati ya Kijapani ambayo jina lake husemekana limetoka kwenye neno renga, yaani tofali.

Chati za kawaida, kama zile za mishumaa, huchora alama mpya kila muda ukifika, hata kama hakuna kilichotokea. Renko haina habari na saa. Unachagua kwanza ukubwa wa tofali, tuseme shilingi 10, na bei isiposogea kiasi hicho hakichorwi kitu, iwe ni dakika tano au mwezi mzima.

Chukua bidhaa inayoanzia 1,000. Bei inafunga 1,004, kisha 1,009, kisha 1,007. Kimya. Inafunga 1,012, tofali la kwanza linajengwa kutoka 1,000 hadi 1,010. Ikifika 1,023, la pili linakaa juu yake, hadi 1,020. Sasa bei ianze kushuka. Ikifunga 1,011, hakuna kitu. Ikifunga 1,001, bado hakuna kitu, kwa sababu tofali la kugeuka lazima lijengwe chini ya kitako cha tofali la mwisho, na kitako hicho kiko 1,010. Mpaka bei ifunge 1,000 au chini yake ndipo tofali la kushuka linaonekana. Kwa hiyo kutoka 1,023 hadi 1,001 shilingi 22 zimepotea, na chati haijasema neno.

Hiyo ndiyo kelele inayoondolewa: mitikisiko midogo kuliko tofali, na migeuko isiyofika matofali mawili. Lakini angalia, ukubwa wa tofali haukutoka sokoni. Umeuchagua wewe. Kelele basi si kitu kilichoko kwenye bei. Ni kile ulichoamua mapema kwamba hakikuhusu. Hapo sina ugomvi na Renko, maana hakuna anayeweza kusikiliza kila kitu. Ugomvi wangu ni juu ya ile kelele ya pili inayofagiliwa pamoja na ya kwanza, yaani wakati wenyewe.

Tutazame faranga ya Uswisi. Tarehe 6 Septemba 2011, benki kuu ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Ikailinda bei hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu, na katika wiki za mwisho bei ilikuwa kama imeganda, juu kidogo tu ya 1.20. Kwenye chati ya matofali ya faranga 0.01, wiki hizo karibu hazipo. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 benki ikaacha ulinzi huo ghafla, na ndani ya dakika chache yuro ikawa chini ya faranga 1.00.

Chora sasa. Kutoka 1.20 hadi 1.00 ni matofali 20, yamepangwa sawasawa kama ngazi ya msikitini. Anayeitazama leo atasema: mbona ilikuwa rahisi, ungetoka kwenye tofali la kwanza, pale 1.19! Lakini pale 1.19 hapakuwa na mnunuzi. Waliokuwa wameacha amri ya kuuza bei ikifika hapo waliuziwa chini sana, na baadhi ya madalali wa fedha za kigeni walifilisika. Lile lilikuwa shimo; ngazi aliichora mchoraji baadaye.

Dawa ipo, na ni nyepesi: uliza kila tofali limezaliwa saa ngapi. Ukikuta matofali mengi yana dakika ileile, jua hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Na hesabu yoyote ya faida inayodhani uliuza kwenye kila ukingo wa tofali, itilie shaka.

Na wiki zile za kimya, je? Zilikuwa habari, si kelele. Bei iliyobanwa muda mrefu kwenye ukuta mmoja inasema kuna mtu anaushikilia ukuta huo, naye anaweza kuchoka. Kule Poland familia nyingi zilikuwa na mikopo ya nyumba iliyohesabiwa kwa faranga. Kwao muda ulikuwa ndio mkopo wenyewe: rejesho la mwezi huu, na la mwezi ujao. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mwezi usio na tofali haukuwepo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wakati unaweza kuwa kelele kwa anayeuliza bei imeelekea wapi. Kwa anayeuliza kama ataweza kutoka, au kama ataweza kusubiri, wakati ndio jambo lenyewe.