Jina Kifuani

Klipu yenyewe ni ya sekunde 14. Asubuhi, Luanda Kotieno, feri ya kwenda Mbita imeshusha ulimi wake na watu wanapanda. Kuna pikipiki mbili, magunia ya makaa, mwanamke mwenye beseni la omena kichwani, na mvulana wa shule anayetembea moja kwa moja kuelekea kamera yangu kana kwamba ziwa lote ni lake. Sweta ya kijani. Kwenye mfuko wa kifua beji ya shule, na juu yake kibandiko cha jina, majina mawili kwa herufi kubwa nyeupe.

Nilikuwa natengeneza filamu fupi kuhusu wanaovuka kila siku, na bila yule mvulana filamu yangu ni picha za maji tu. Nikamtafuta mama yake. Anauza chai hapo juu ya gati. Alitazama klipu kwenye simu yangu mara mbili, akacheka, kisha akasema, "Uso sawa. Lakini hiyo shule na hilo jina, toa."

Nilimwona kama amepanga mambo kinyume. Si uso ndio tunaofichaga? Kwenye taarifa za habari mtoto hufichwa uso, na jina la shule linabaki limeandikwa ukutani nyuma yake. Ilinichukua safari nzima ya matatu hadi Kisumu kumwelewa. Uso unamwambia kitu mtu anayemjua mtoto tayari, na Luanda Kotieno nzima inamjua. Jina na shule vinamwambia mtu asiyemjua. Mgeni mwenye vitu hivyo viwili anaweza kusimama getini saa tisa na nusu, amwite mtoto kwa jina lake na kumwambia, "Mama amenituma nikuchukue." Mtoto aliyeitwa jina na mtu mzima huitika. Ndivyo tulivyomlea.

Basi nikakaa kwenye kompyuta. Klipu ya sekunde 14, fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 350, na beji iko mahali tofauti katika kila moja. Kwenye DaVinci Resolve nilifungua ukurasa wa `Color`, nikachora dirisha dogo la mstatili juu ya beji na kibandiko, nikaweka `Mosaic Blur` ifanye kazi ndani ya dirisha hilo tu. Kisha `Tracker`, ambayo inashika alama zilizomo ndani ya dirisha na kuzifuata fremu kwa fremu. Nilianza kwenye fremu ambayo beji inaonekana wazi kabisa, nikafuatilia kwenda mbele, halafu nikarudi nifuatilie kwenda nyuma. Nikaacha `Zoom` na `Rotate` zikiwa zimewashwa, kwa sababu mtoto anakuja karibu na anayumbayumba. Bila hizo beji inakua kubwa kuliko dirisha lake.

Ilipendeza. Vitofali vya rangi vikatembea kifuani kama vimeshonwa hapo.

Hadi mama wa omena. Alipokatiza mbele ya mvulana, traka iliachana na beji ikashika ukingo wa beseni, ikaenda nalo upande wa kushoto kwa furaha zake. Hesabu: fremu 9 kifua kikiwa wazi. Ukitazama kwa mwendo wa kawaida huoni kitu, ni kama theluthi ya sekunde. Lakini nani amesema mtu mwenye nia mbaya hutazama kwa mwendo wa kawaida? Anasimamisha video na kubonyeza mshale. Kwa hiyo nami nikabonyeza mshale, mara 350. Nilikata ufuatiliaji kabla beseni halijafika, nikaanza upya baada ya kupita, na zile fremu za katikati nikalisogeza dirisha kwa mkono, moja moja.

Halafu kuna ukubwa wa vitofali. Mwanzoni niliweka vidogo vya pikseli 8 kwa sababu vinaonekana nadhifu. Ila mtoto akifika karibu, herufi za jina lake zina kimo cha kama pikseli 40. Gawanya: safu tano za vitofali kwa kila herufi. Hiyo si kuficha, ni kuandika upya kwa mwandiko mbaya. Tena mwendo unazidisha tatizo. Mosaiki hii inahesabiwa juu ya picha yote, dirisha linaamua tu ionekane wapi. Gridi imetulia, jina linapita chini yake. Kila fremu inakata herufi mahali tofauti, na mwenye subira anaweza kukusanya vipande hivyo. Mwaka 2025 Mmarekani Jeff Geerling alificha maandishi kwa mosaiki ndani ya video yenye dirisha linalosogea, akawapa watu changamoto ya kuyasoma. Waliyasoma. Nikapandisha vitofali hadi vikawa vikubwa kuliko herufi yenyewe, na chini yake nikaweka kijani kisicho na maandishi yoyote. Sasa hakuna cha kufukua: jina halimo kabisa, vitofali ni pambo tu.

Saa tatu usiku nikavaa spika za masikioni kusikiliza sauti kwa mara ya kwanza. Sekunde ya 11, mtoto mwingine nje ya picha anapaza sauti. Anamwita rafiki yake. Majina yote mawili.

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza muda mrefu.

Sheria ipo, na si ya mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi na pia maslahi ya mtoto yazingatiwe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mimi idhini ninayo. Kinachonisumbua ni kwamba mama alikubali picha aliyoiona kwenye simu ya nchi sita, bila sauti, kando ya moto wa chai. Hakujua kuhusu fremu 9. Hakujua kuhusu sekunde ya 11. Angejuaje? Ni mimi niliyekuwa na mshale. Idhini yake inafika pale macho yake yalipofika, na kutoka hapo mzigo ni wangu, hata kama karatasi imetiwa sahihi.

Nilifuta sauti hiyo nikaweka mngurumo wa injini. Jumamosi nikarudi na klipu. Mama akatazama, akaridhika. Mvulana akatazama pia, akanyoosha kidole kifuani pake mwenyewe kwenye skrini.

"Kwani jina langu lilikuwa na makosa?"

Kumbe kibandiko kile alikishona nyanya yake usiku wa kabla ya kufungua shule, na alikuwa ametembea hivyo kuelekea kamera ili kisomwe. Nilianza kumweleza kuhusu wageni na mageti. Nikaona ninamfundisha mtoto wa miaka tisa kuogopa jina lake, nikakatiza katikati ya sentensi.

Nyanya alikuwa kwenye benchi. "Nyathina," akaniambia, "kitoe ukitaka. Lakini mwonyeshe kile ambacho hujakitoa."

Klipu halisi bado ninayo kwenye diski. Nilimchezea pale pale, na sauti yake yote, jina likaitwa gatini. Akaomba irudiwe. Nikairudia mara nne, kisha nikaikopi kwenye simu ya mama yake. Kwenye simu hiyo sasa kuna matoleo mawili, na la kwake si langu kulipeleka popote. La kwenye diski yangu sijalifuta. Kila nikifungua folda naliona, na bado sijui ninalihifadhi kwa niaba ya nani.