Je, Ni Kutomwamini Mwenzako?

Ikiwa umewahi kufanya kazi ya ofisini, bila shaka siku moja uliletewa karatasi mbili ukaambiwa, "Tia sahihi hapa, huu ni muhtasari wa ile taarifa ndefu." Aliyeandika ni mwenzako. Mnakaa chumba kimoja, mnakula chakula cha mchana pamoja, na pengine alikuja nyumbani kwako ulipofiwa. Taarifa yenyewe ina kurasa 38. Je, utie sahihi kwa kuwa unamwamini? Au uifungue taarifa na kutafuta kama aliyoyaandika yamo? Na ukiifungua, je, hujamfanya mwongo kabla hajakosa?

Swali hili lilinifikia katika ofisi moja niliyoitumikia, ofisi iliyoshughulika na maji ya vijijini. Mhandisi alikuwa ametumwa kukagua visima 64 vyenye pampu za mkono. Alirudi, akaandika taarifa yake, na kijana mmoja wa ofisi yetu, mtu mwema na mwenye bidii, akapewa kazi ya kuifupisha kwa ajili ya kamati iliyokuwa igawanye fedha. Wanakamati wangesoma zile karatasi mbili tu. Mimi nilitakiwa kutia sahihi kwamba nimezisoma na zi sawa.

Nilipoiomba taarifa yenyewe, yule kijana alinitazama kwa mshangao. "Mzee," aliniuliza, "kwani huniamini?" Nikamjibu kwamba namwamini, ila sahihi hiyo haikutakiwa kwa ajili yake. Jibu hilo halikumridhisha, nami sikumlaumu.

Kwanza nilisoma taarifa ya mhandisi yote kabla ya kuutazama tena muhtasari. Mtu akianza na muhtasari, macho yake huongozwa nao. Huenda kwenye taarifa kutafuta yale aliyokwisha kuambiwa, na akiyaona yanayofanana kidogo huridhika. Kisha nikauchukua muhtasari na kalamu ya risasi. Kila sentensi iliyodai jambo niliitafutia mahali pake katika taarifa, nikaandika pembeni namba ya ukurasa. Penye hesabu, niliifanya upya mwenyewe. Sentensi niliyoikosea ukurasa niliizungushia duara, bila kuandika neno lolote la kulaumu. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima.

Sentensi ya kwanza ya muhtasari ilisema, "Asilimia 71 ya visima vyetu 64 vinafanya kazi." Hakuna mtu ambaye angeitilia shaka. Lakini taarifa ilisema kwamba mhandisi alifika kwenye visima 41 tu, kwa sababu masika yalikuwa yamekata barabara, na katika hivyo 41 alikuta 29 vinatoa maji. Ukigawanya 29 kwa 41, kweli unapata asilimia 71. Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi kabisa! Kosa lake ni kwamba aliichukua asilimia ya visima 41 akaiweka juu ya visima 64. Asilimia 71 ya 64 ni visima 45 hivi, na mhandisi aliona 29. Vile 16 vingine havikuonekana na mtu yeyote, vilizaliwa mezani. Kama vile 23 visivyofikiwa vyote vilikuwa vibovu, basi asilimia ya vizima ilikuwa 45 tu. Kama vyote vilikuwa vizima, ilikuwa 81. Ukweli ulikuwa mahali fulani kati ya hizo mbili, na hakuna aliyejua wapi. Tena vile visivyofikiwa ndivyo vilivyokuwa mbali zaidi, ambako hata fundi hafiki.

Makosa ya namna hii hayatokei katika ofisi ndogo peke yake. Mwezi wa Januari mwaka 1980 jarida moja kubwa la madaktari la Marekani lilichapa barua fupi sana, yenye sentensi tano tu, iliyoandikwa na Jane Porter na Hershel Jick. Walieleza kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, waliona wanne tu walioandikwa kuwa wamekuwa watumwa wa dawa hizo, bila kuwa na historia hiyo hapo kabla. Wagonjwa hao wote walikuwa wamelazwa hospitalini. Barua haikusema lolote juu ya mtu anayepewa chupa ya vidonge kwenda kuvimeza nyumbani miezi na miaka. Lakini waliokuja baadaye waliiandika katika vitabu na makala kana kwamba imesema hivyo, na katika nchi hiyo wengi wakaja kufa kwa dawa za jamii hiyo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya maandishi 608 yaliyoitaja barua ile: karibu robo tatu yaliitumia kuthibitisha kwamba ni nadra mtu kutawaliwa na dawa hizo, na manne katika kila matano hayakusema kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Fikiri, sentensi tano! Haikuhitaji hata dakika mbili kuisoma.

Nirudi kwenye visima. Muhtasari uliendelea, "Pampu nyingi zimeharibika kwa sababu ya uzembe wa wanakijiji." Nilitafuta neno uzembe katika taarifa yote nisilione. Nilichokiona kilikuwa katika ukurasa wa 22, nami nakinukuu kama nikumbukavyo: "Katika kijiji kimoja mzee alitueleza kwamba watoto huchezea mpini, huenda jambo hili limechangia." Angalia yaliyotokea njiani. Kijiji kimoja kimekuwa pampu nyingi. Neno la mzee mmoja limekuwa neno la mhandisi. "Huenda" imeanguka. Na "limechangia" imegeuka kuwa "kwa sababu ya". Mabadiliko manne, na hakuna hata moja ambalo lingeonekana kubwa likisimama peke yake. Wakati huo huo ukurasa wa 23 ulisema waziwazi kwamba katika pampu 12 mbovu, 9 zilikuwa na mipira ya pistoni iliyolika, na kwamba vipuri havikupatikana katika duka lolote la wilaya. Hilo halikuwamo katika muhtasari.

Hapa ndipo nilipoona swali langu la mwanzo lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nikijiuliza kama namtendea haki mwenzangu. Lakini katika vijiji vile kulikuwa na watu waliokuwa wakisingiziwa uzembe mbele ya kamati, nao wasingeiona karatasi ile milele. Yule kijana angeweza kujitetea mbele yangu, wao wasingeweza.

Palibaki maduara matatu. Moja lilikuwa aibu yangu mwenyewe. Muhtasari ulisema wanawake wa kijiji fulani hutembea kilomita 6 kufuata maji, nami nilikuwa na hakika kwamba hilo limetungwa. Kumbe lilikuwa katika kiambatisho cha mwisho, ambacho nilikipita haraka kwa kuchoka. La pili lilikuwa idadi ya pampu mbovu: muhtasari ulisema 14. Nikagundua kwamba mhandisi mwenyewe aliandika 14 katika maelezo na 12 katika jedwali. Orodha ya visima kimoja kimoja ilionyesha 12, basi kosa halikuwa la kijana bali la taarifa, ingawa alipaswa kuona kwamba 29 na 14 hazifanyi 41. Anayekagua na asidhani kwamba chanzo ni kitakatifu.

Duara la tatu lilinikaa moyoni. "Kamati za maji za vijiji vyote zimekubali kulipia vipuri." Sentensi safi, yenye kupendeza masikio ya wagawa fedha. Niliisoma taarifa tena toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na viambatisho, na haikuwamo. Jambo lisilokuwamo mara nyingi huwa hivi: ni laini, halina namba wala jina la mahali, nalo linamfaa msikilizaji.

Sikulipeleka kwa mkuu wetu. Nilimwita kijana jioni, wengine walipokwisha kuondoka, nikaweka karatasi zote mbele yake na kumwuliza tu, "Hii umeitoa wapi?" Alipekua, akapekua tena. Kisha akanyamaza, akaenda kwenye kabati na kuleta muhtasari wa mwaka uliotangulia. Alikuwa ameutumia kama kiolezo, akibadili namba na majina, na sentensi ile ilibaki. Hata katika mwaka ule haikusema vijiji vyote, ilisema viwili.

Je, alisema uongo? Nimelitafakari sana. Hakukusudia kumdanganya mtu, na neno uongo lina kusudi ndani yake. Lakini kwa mtu wa kijijini ambaye pampu yake haitaletewa mpira kwa kuwa imeandikwa kwamba atanunua mwenyewe, tofauti hiyo haina msaada. Nadhani alikuwa na hatia ya jambo dogo zaidi na la kawaida zaidi: aliandika sentensi bila kujua kama ni kweli, akaiweka pamoja na zile alizozijua, kwa mwandiko ule ule. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kofia ya kalamu ili nitie sahihi.

Lipo jambo moja ambalo maduara hayakunionyesha, kwa kuwa duara huzungushiwa kilichoandikwa. Kwa hiyo tulifanya pamoja safari ya kurudi: tukaichukua taarifa ukurasa kwa ukurasa na kuuliza, katika kila ukurasa, ni nini ambacho mwanakamati angetaka kukijua nacho hakimo. Chini ya jedwali kubwa palikuwa na alama ya nyota na maandishi madogo. Yalisema kwamba kisima kilihesabiwa kuwa kizima iwapo kilitoa maji siku ya ukaguzi; na ukaguzi ulifanyika mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha. Katika visima 7 kati ya vile 29 wenyeji walisema maji hukauka ifikapo Septemba. Kijana ndiye aliyeyaona maandishi hayo, si mimi.

Muhtasari mpya ulikuwa na karatasi mbili na nusu. Mwenyekiti wa kamati alinung'unika kwa urefu wake, na kwa kuwa haukuwa na asilimia moja ya kutangaza. Fedha za vipuri hazikukatwa. Kijana hakuzungumza nami sana kwa muda wa wiki moja hivi. Alinisalimia kwa heshima, akala chakula chake peke yake.

Mwezi wa Julai, barabara zilipokauka, mhandisi alikwenda kuvikagua vile visima 23. Vilivyotoa maji vilikuwa 8. Muhtasari wa safari hiyo aliuandika kijana yule yule, akauleta mezani kwangu pamoja na taarifa yenyewe, na pembeni mwa kila sentensi alikuwa ameandika, kwa kalamu ya risasi, namba ya ukurasa.