Minyoo Waliokufa Ndio Walioua

Jimbo la Luisiana, kusini mwa Marekani, lina mbu wengi, na mbu ndio wanaohamisha minyoo wa moyo kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine. Bwana mmoja wa huko aliokota mbwa wa kilo 20, akampima mwezi huohuo na kuambiwa hana kitu. Hakumpima tena, wala hakumpa kinga ya kila mwezi. Hapo ndipo alipoteleza. Kipimo cha antijeni hunasa protini ya minyoo majike waliokomaa, na tangu mbu aume hadi hapo hupita miezi sita au zaidi. Mbwa aliyeumwa na mbu mwezi uliopita huonekana mzima.

Baada ya miaka miwili mbwa akaanza kukohoa na kuchoka upesi. Antijeni ikaonekana, na chini ya hadubini damu ilikuwa na mikrofilaria, yaani watoto wa minyoo, wakijinyonganyonga. Picha ya eksirei ilionyesha mishipa ya mapafu imetanuka. Daktari akamweka daraja la pili: anaumwa, lakini moyo haujashindwa.

“Mchome sindano ya kuua minyoo leo, Daktari,” alisema mwenye mbwa. Daktari akakataa. Alianza na doksisaiklini miligramu 200 mara mbili kwa siku, kwa siku 28, pamoja na kinga ya kila mwezi. Doksisaiklini huua bakteria aina ya wolbakia wanaoishi ndani ya minyoo, ambao wakimwagika kwa wingi minyoo wanapokufa huchochea uvimbe mapafuni. Kinga nayo huzuia maambukizi mapya, huku minyoo wachanga, ambao sindano haiwawezi vizuri, wakipata muda wa kukua. Sindano ya kwanza ya melasomini, dawa yenye arseniki, ilikuja siku ya 60: miligramu 50 ndani kabisa ya misuli ya kiuno. Mbili nyingine zilipangwa siku ya 90 na ya 91. Dozi ya kwanza hupunguza minyoo kwanza, ili wasife wote kwa mkupuo.

Maana mnyoo aliyekufa hana pa kutokea. Damu humsukuma hadi kwenye mishipa myembamba ya mapafu, akaziba humo vipande vipande mpaka mwili umyeyushe. Mbwa akitulia, damu kidogo inatosha kupita. Akikimbia, moyo husukuma kwa nguvu dhidi ya mishipa iliyoziba. Ndiyo maana daktari aliagiza mbwa akae ndani, atoke kwa kamba tu, hadi wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho.

Baada ya sindano ya tatu kikohozi kilipungua, mbwa akawa mchangamfu, na bwana yule akamwonea huruma. Siku ya tisa akamfungulia uani. Mbwa alimkimbiza kindi, akarudi akihema, na usiku akakohoa damu. Hakufika asubuhi. Daktari alipompasua, moyoni hakukuta mnyoo hata mmoja aliye hai. Mishipa ya sehemu ya chini ya mapafu ilikuwa imejaa vipande vya minyoo na damu iliyoganda.