Cheti Kimepotea, Hisa Hazijapotea

Kama wewe au mzazi wako mlinunua hisa za kampuni miaka ya tisini hapa Kenya, kisha cheti kikapotea katika kuhamahama, nakuomba usitamke tena neno "zilipotea". Umiliki wako umeandikwa katika rejista ya wanahisa, na rejista hiyo inatunzwa na msajili wa hisa wa kampuni. Cheti ni ushahidi tu. Mchwa wakikila, jina lako bado liko kitabuni.

Shangazi yangu wa Mombasa aliamini kinyume cha hayo kwa miaka mingi. Alinunua hisa 500 akiwa mwalimu kijana, akatumia sanduku la posta la shule. Alipohamishwa, hundi za gawio ziliendelea kwenda kule kule, zikarudi kwa mtumaji mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemwibia. Anwani ndiyo iliyokufa.

Tulianza na barua fupi kwa msajili: jina kamili kama lilivyoandikwa wakati wa kununua, nambari ya kitambulisho, anwani ile ya zamani na ya sasa. Tuliambatanisha nakala ya kitambulisho na ya cheti cha PIN ya kodi, tukauliza mambo matatu: hisa ni ngapi leo, gawio gani halijalipwa, na liko wapi. Ile anwani ya zamani usiiache, maana ndiyo inayomtofautisha mwenye mali na wengine wenye jina kama lake.

Jibu lilimfanya shangazi avae miwani mara mbili. Hisa zilikuwa 1,000, kwa kuwa kampuni iliwahi kutoa hisa za ziada, moja kwa kila moja. Piga hesabu nami: gawio la shilingi 2 kwa hisa ni shilingi 2,000 kwa mwaka; ukikata kodi ya zuio ya asilimia 5 zinabaki 1,900. Kwa miaka kumi ni 19,000, na hisa zenyewe bado ni zako.

Fedha hizo, hata hivyo, hazikai zote mahali pamoja. Chini ya sheria ya mwaka 2011, gawio lisilodaiwa kwa miaka mitatu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ile inayojulikana kama UFAA, na wakati mwingine hisa nazo hufuata huko. Kwa hiyo gawio la karibuni unalidai kwa msajili, na la zamani unalidai UFAA. Mamlaka hiyo haitozi ada ya kudai. Anayekutaka umlipe kwanza ndipo "akufuatilie", mpite.

Sasa fomu ya indemniti, ambayo huwakimbiza wengi. Kwa sababu cheti hakionekani, kampuni inaogopa kwamba kesho mtu mwingine atakileta. Unachosaini ni ahadi kwamba hasara ya namna hiyo ikitokea, utailipa wewe. Utahitaji hati ya polisi ya kuripoti upotevu, na fomu yenyewe uisaini mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Hisa zikiwa za thamani kubwa, msajili anaweza kutaka benki au kampuni ya bima isaini pamoja nawe, na hao hutoza ada. Uliza kiasi mapema. Usiisaini nyumbani ukadhani umeokoa muda, kwa kuwa shahidi hawezi kuthibitisha asichokiona. Na cheti cha zamani kikija kuonekana, kirudishe kwa msajili.

Sisi tulikwama kwenye saini. Msajili alilinganisha saini ya shangazi na ile ya ujanani, akakataa. Shangazi aliketi mezani na karatasi tupu, akajaribu kuirudia herufi ile ya kwanza yenye mkia mrefu, vidole vilitetemeka. Nilimwambia aache. Saini hubadilika, na dawa yake ni benki yako kuthibitisha saini ya sasa. Jina likitofautiana, Fatma huku na Fatuma kule, unaapa hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja.

Mwenye hisa akiwa amefariki, indemniti peke yake haitoshi. Warithi wanahitaji hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa, na hisa hizo zitajwe ndani yake. Basi waulizeni wazee wenu wakiwa hai, wakati saini moja bado inatosha.

Ukishathibitishwa, mpe msajili nambari ya akaunti ya benki au ya simu gawio lipite huko, na uhamishie hisa kwenye akaunti ya CDS, ambamo hakuna cheti cha kupotea tena. Shangazi alifanya hivyo siku ile ile. Barua ya kwanza ilikuwa na mistari sita, kwa mkono wake. Andika yako usiku huu.