Maneno ya Kweli, Habari ya Uongo

Vijana wa parokia hupenda kukata mahubiri na kuyatuma kwa simu. Hatuwazuii. Lakini nyuma ya kazi hiyo lipo swali zito: je, mtu aweza kusema uongo kwa maneno ya kweli matupu? Twajibu kwamba aweza, na mkasi ndio chombo chake.

Tuseme padre amehubiri hapa Ndama kwa dakika 12 juu ya sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso. Kwanza anayataja, kwa mzaha, wayasemayo wanaume kilabuni: mke ameamriwa kumtii mume, basi. Watu wanacheka. Kisha anageuka. Aonyesha kwamba aya ya 21 yawataka wote watiiane, na kwamba kuanzia aya ya 25 Mtume anamgeukia mume na kumdai apende hata kujitoa, kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Kijana anakata zile sekunde 40 za kicheko na kuzituma. Kila neno lilitamkwa kweli. Hata hivyo mume apigaye mkewe amepata silaha, nayo ina sauti ya padre.

Basi mswada wa video uanze kwa kalamu, si kwa mkasi. Andika kwa sentensi moja jambo ambalo padre alitaka watu walishike. Kisha tafuta lile "lakini" ambapo mahubiri yanageuka. Hilo lisikatwe kamwe, tena liwekwe mapema, maana wengi huacha kutazama baada ya sekunde chache. Dakika moja ya usemi mtulivu hubeba maneno kama 100 tu. Kwa hiyo mifano mingine itoke, ubaki mmoja. (Papa Fransisko aliomba mwaka 2024 mahubiri yasizidi dakika 8, kwa simu hata hizo ni nyingi mno.)

Mswada wetu waweza kusema hivi: "Wewe mume, wasema mkeo akutii. Lakini Paulo, kabla ya kumwambia mke lolote, awataka nyote wawili mtiiane. Kisha akudai wewe ujitoe kwa ajili yake." Maneno hayo yaandikwe pia chini ya picha, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti. Na picha iwe ya mwanamume aliyebeba dumu la maji, mkewe akitembea kando yake. Picha nayo huhubiri: ukimweka mwanamke aliyepiga magoti akisalimu, kwa desturi yetu, mtazamaji ataondoka na utii wa mke peke yake, hata maneno yakiwa sahihi.

Mwisho, padre mwenyewe akitazame kipande hicho, kisha aonyeshwe mtu ambaye hakuwepo kanisani, aulizwe: Padre amesema nini? Jibu lake lilinganishwe na ile sentensi ya kwanza. Akisema, "Wake watii," kisitumwe, hata kiwe kinachekesha namna gani.